Paa la bati na radi: unganisha kwanza, ardhi ifuate

*Shikamoo fundi. Nimepaua nyumba yangu Muleba, mita 12 kwa 9, mabati ya rangi geji 30 juu ya kenchi za mbao, kuta za tofali za kuchoma. Nina LUKU, paneli mbili za sola juu ya paa, antena ya TV kwenye bomba la chuma, na simtanki juu ya mnara wa chuma nyuma ya nyumba. Mwezi wa nne radi ilipiga kwa jirani, TV ikaungua na mtoto aliyeegemea nondo za dirisha akarushwa. Na jirani alikuwa na mtego wa radi! Mafundi wangu wawili wanabishana. Mmoja anasema mabati yanavuta radi, niezue niweke vigae. Mwingine anasema nisimike fimbo ya shaba juu, waya mmoja ushuke, ethi rodi moja, basi. Nimfuate nani?*

Marahaba, ndugu yangu. Wa kwanza mwache. Wa pili ana nusu ya jibu, na nadhani nusu hiyohiyo ndiyo iliyomrusha mtoto wa jirani.

Nianze na mabati, maana hofu hiyo naisikia kila masika. Radi inashuka kutoka mawinguni bila kujua kama chini kuna bati, nyasi au zege. Pale itakapotua panaamuliwa mwishoni, ikiwa imebakiza makumi ya mita tu kufika chini, na kinachoamua ni urefu wa kitu na jinsi kilivyojitokeza: mti, mnara, kona ya paa, mtu aliyesimama peke yake shambani. Nyumba ya bati na nyumba ya nyasi zenye kimo kimoja, juu ya kilima kimoja, zina bahati mbaya ileile. Tofauti inakuja baada ya kupigwa. Bati hupokea mkondo na kuusambaza. Nyasi huwaka. Vigae vya udongo hupasuka, na radi inapenya hadi kwenye misumari ya kenchi na nyaya za taa, ambako huna namna ya kuielekeza. Ukiezua mabati utakuwa umelipa pesa kuondoa kifaa kizuri ulichokuwa nacho tayari.

Ila bati lina kasoro yake, na ndiyo hasa inayoua watu. Bati lililolala juu ya mbao na tofali ni kama sinia la maji lililobebwa juu ya vichwa vya waliomo ndani. Likijaa, lazima limwagike mahali. Mkondo hautabaki juu ya paa. Utatafuta njia ya kushuka, na usipoupa njia utajichagulia: waya wa taa, waya wa antena, nondo za dirisha, ukuta uliolowa, mtu. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda, na watoto 18 wakafa wakiwa darasani. Kuwa chini ya paa si kinga, kama paa lenyewe halina pa kumwagia.

Sasa twende kwa jirani mwenye mtego. Hilo jina "mtego" silipendi, linawafanya watu wafikiri fimbo inaikamata radi na kuimeza. Fimbo haimezi kitu, inapokea na kupitisha tu. Tufanye hesabu ndogo. Radi ya kawaida ina mkondo wa ampea 30,000 hivi. Ethi rodi moja ya mita 1.2 iliyogongwa kwenye udongo wa wastani ina ukinzani wa omu 70 hivi. Zidisha: volti milioni mbili na zaidi. Sasa tuseme jirani alikuwa na bidii, akagonga rodi ndefu kadhaa akashusha ukinzani hadi omu 10, kiwango ambacho mafundi hupenda kukitaja. Bado ni volti 300,000. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, fupi kuliko kupepesa jicho, waya ule wa kushuka na fimbo yake vilikuwa kwenye volti laki tatu, huku nyaya za nyumba, zilizofungwa kwenye ethi rodi nyingine upande wa pili wa jengo, zikiwa karibu na sifuri. Katikati yao palikuwa na ukuta wa tofali tu. Radi ikaruka.

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Watu wanahangaika na ubora wa ardhi, wakati kinachookoa uhai ni kuunganisha. Mtu aliyeko ndani ya mtumbwi hapati shida wimbi likimwinua mita mbili, kwa sababu mtumbwi, kasia na abiria wote wanapanda pamoja. Anayeumia ni yule aliyeweka mguu mmoja mtumbwini na mwingine gatini. Nyumba nayo ni hivyo. Radi ikipiga, kila kitu kitapanda volti upende usipende. Kazi yako ni kuhakikisha paa, nyaya, mabomba, nondo, mnara wa tanki na udongo ulio chini ya miguu yenu vinapanda pamoja. Volti laki tatu hazimuui mtu aliyezungukwa na laki tatu pande zote.

Niliwahi kuitwa kuikagua nyumba iliyopigwa namna hiyo, si mbali sana na kwako. Fimbo juu ya kofia ya bati ilikuwa nzima, inang'aa, mwenye nyumba akidhani ndiyo iliyowaokoa. Waya wa shaba ulishuka ukutani vizuri, lakini nyuma yake, upande wa ndani, kulikuwa na soketi ya jikoni. Kwenye plasta palikuwa na tundu dogo kama ukucha wa kidole kidogo, limezungukwa na doa jeusi. Nilipofungua soketi, skrubu ya waya wa ardhi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja ikawa kama tone la mshumaa. Radi ilishuka mita tatu ndani ya waya wake, kisha ikaona soketi iko sentimita 15 tu, nyuma ya tofali, na inakwenda ardhini kwa njia yake nyingine. Ikakatiza.

Kuna namna ya kukisia umbali unaohitajika ili isiruke. Kwa nyumba za kawaida, ukizidisha 0.04 na urefu wa waya kutoka paani hadi ardhini, kisha ukagawa kwa 0.5 kama kizuizi ni tofali au mbao, unapata umbali salama kwa nyumba yenye waya mmoja tu wa kushuka. Kwa waya wa mita 4 ni sentimita 32. Ukuta wako wa tofali hauna unene huo. Ukiweka nyaya nne za kushuka, mkondo unagawanyika, na umbali huo unashuka hadi sentimita 14 hivi. Kwa hiyo nyaya nne si mbwembwe za mhandisi anayetaka kuongeza bili. Zinapunguza kwa zaidi ya nusu uwezo wa radi kuruka ndani.

Tuje kwenye nyumba yako, tuanzie juu.

Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3. Kanuni za kimataifa, IEC 62305, zinakubali bati la chuma litumike lenyewe kama kipokezi cha radi likiwa na angalau milimita 0.5, na hapo bado zinakiri kwamba linaweza kutobolewa. Ili lisitobolewe kabisa lingehitaji kuwa na milimita 4, na hakuna anayeezeka kwa sahani ya chuma. Bati lako, basi, likipigwa moja kwa moja linaweza kutoboka tundu dogo, na matone ya chuma moto yakadondokea kwenye papi au kwenye dari. Mara nyingi hasara ni tundu linalovuja. Mara moja moja ni moto, hasa kama juu ya dari umehifadhi magunia, maganda ya kahawa au dumu la mafuta.

Suluhisho ni kuipa radi kitu cha kugusa kabla haijagusa bati. Pitisha juu ya kofia, urefu wote wa mita 12, waya mnene wa alumini wa milimita 8, umeinuliwa kidogo kwa vishikio. Kila ncha ya kofia iwe na kijiti cha sentimita 40 hadi 50, kwa sababu ncha za paa ndizo hupigwa zaidi. Waya huo uungane na mabati yenyewe kwa klampu kila baada ya mita chache. Usiutenge na bati, maana hapo unarudi kwenye kosa la jirani, safari hii juu ya paa.

Kwa nini alumini, si shaba anayoitaka fundi wako? Mvua inapoosha shaba na kuchuruzika juu ya bati lenye zinki, inakula zinki. Baada ya miaka michache utaona mistari ya kutu ikishuka kutoka kwenye waya hadi kwenye gata, na paa jipya limeharibiwa na kile ulichokinunua kulilinda. Alumini na zinki zinapatana. Isipokuwa alumini isizikwe ardhini hata siku moja, udongo unaimaliza.

Rangi ya bati isikutishe, ni nyembamba mno kuizuia radi. Lakini inatosha kabisa kuharibu klampu. Pale klampu inapokaa, kwangua rangi hadi chuma kionekane, kaza bolti, kisha paka rangi juu yake yote kuzuia kutu. Mabati yenyewe yanaungana kwa misumari na kwa kulaliana, na kwa radi hilo linafaa kiasi, ingawa cheche ndogo zinaweza kuruka kwenye viungio. Ukiweza, kila safu ya bati ipate angalau skrubu mbili tatu za chuma zinazolibana na jirani yake, bati kwa bati, mbali na zile zinazoingia kwenye mbao. Gata likiwa la bati liunganishe pia.

Kutoka paani shusha nyaya nne, moja kila kona. Mzunguko wa nyumba yako ni mita 42, na kwa daraja la tatu la kinga, linalotosha nyumba ya kuishi, nyaya hutakiwa kupangwa kila mita 15 hivi. Tatu zingetosha kwa hesabu, ila nyumba ina kona nne na kila kona inataka yake. Hapa tumia chuma cha duara cha milimita 8 kilichochovywa kwenye zinki moto. Kishuke wima, njia fupi. Mkondo wa radi unaongezeka kwa kasi kubwa mno, na mkondo wa kasi hivyo hauvumilii kona kali wala mizunguko: ukiukunja waya kuzunguka fishabodi kama herufi U, radi itaruka kwenye mdomo wa U na kuacha mkunjo wote. Kunja taratibu, kama barabara ya mlimani. Katika kila waya, kimo cha mita moja na nusu hivi, acha kiungo cha bolti kinachofunguka, utakihitaji siku ya kupima.

Angalia pia kona zinashuka wapi. Isiwe pale baraza wanapokaa watu kuongea jioni, wala ubavuni mwa mlango. Mtu aliyesimama chini ya mita 3 kutoka kwenye waya wakati radi inashuka anaweza kupigwa kupitia miguuni tu, maana udongo chini ya mguu mmoja una volti tofauti na chini ya mwingine. Kama huna pengine pa kuupitisha, mwaga kokoto kavu unene wa sentimita 15 kuzunguka hapo na uvishe waya bomba nene la plastiki hadi kimo cha mkono ulioinuliwa. Na kama baraza lako lina nguzo za chuma zinazoshika bati, tayari ni nyaya za kushuka, hata kama hukukusudia. Lazima ziunganishwe chini, na watoto wasiziegemee mvua ikinguruma.

Sasa ardhi. Usipoteze pesa kununua rodi ndefu ya kugonga kona moja. Chimba mtaro unaozunguka nyumba yote, mita moja kutoka ukutani, kina cha sentimita 60, urefu wake ni mita 50 hivi. Laza humo chuma cha duara cha milimita 10 kilichochovywa zinki, kiwe pete iliyofungwa. Kila waya wa kushuka ukutane na pete hiyo kwa klampu mbili au kwa kuchomelewa, na kiungo kipakwe lami au kifungwe kwa tepu ya kuzuia kutu. Nondo tupu za ujenzi zisitumike, hazina zinki na zitaoza kimya kimya ndani ya udongo.

Pete inashinda rodi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukinzani. Kwenye udongo wa wastani pete ya ukubwa wako inatoa omu 5 hivi, wakati rodi moja ya mita 2.4 inatoa 40. Kwenye changarawe ngumu ya kilimani, pete hufika 24 na rodi ile hupanda hadi 200. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: pete huinua volti za udongo wote chini ya nyumba kwa pamoja. Sakafu, kuta na watu waliomo wanakuwa ndani ya mtumbwi mmoja. Rodi ya pembeni huinua kona moja na kuacha zingine chini.

Mtu atakuambia shaba ni bora ardhini. Ni bora kweli, lakini huku kwetu shaba inaibwa. Nimeona waya wa kushuka umekatwa kwa msumeno mita mbili juu ya ardhi, fimbo ikibaki paani bila mkia. Hiyo ni nyumba iliyo hatarini kuliko isiyo na fimbo. Chuma cha zinki hakuna anayekivizia usiku.

Ndani ya nyumba ndipo kazi nyingi inaposahauliwa, ingawa vifaa vyake ni vya bei ndogo kuliko vyote. Karibu na swichi kuu weka kipande cha shaba chenye matundu ya bolti. Kutoka hapo waya wa shaba wa milimita za mraba 16 uende kwenye pete, kwa njia fupi kadiri inavyowezekana. Kuunga shaba na chuma cha zinki kufanyike juu ya ardhi, kwa klampu ya metali mbili, kusifukiwe. Ethi rodi ya umeme iliyogongwa wakati wa kuvuta LUKU nayo ije kwenye kipande hichohicho. Usiiondoe, iunganishe. Nasisitiza kwa sababu wapo mafundi wanaoamini kwa dhati kwamba ardhi ya radi na ardhi ya umeme zikikutana, radi itaingia kwenye nyaya. Ni kinyume chake. Zikitengana ndipo inapoingia, kwa kuruka, kama jikoni kule nilikokueleza.

Kisha fuata kila chuma kirefu kinachoingia au kutoka. Mnara wa simtanki uunganishwe na pete kwa miguu yake miwili, hasa kama kimo chake kimeipita nyumba, maana huenda ndio utakaopigwa kwanza. Bomba la chuma la maji, kama lipo, liletwe kwenye kipande cha shaba kwa waya wa milimita za mraba 6. Nondo za madirisha hazihitaji zote. Unganisha zile zilizo ndani ya nusu mita kutoka kwenye waya wa kushuka, pamoja na zinazogusa gata au bomba lolote la paani. Nadhani dirisha la jirani lilikuwa mojawapo ya hizo. Ukipita kwake, tazama kama plasta kati ya waya na nondo ina doa jeusi au imebanduka, utapata jibu bila kupima chochote.

Fremu za paneli za sola zifungwe kwenye bati kwa skrubu na waya, usijaribu kuzitenga, kwenye paa la chuma haiwezekani. Nyaya mbili za sola, chanya na hasi, zishuke zimeshikana kama ndugu. Ukizipitisha moja huku na nyingine kule unatengeneza kitanzi kinachovuna umeme wa radi hata ikipiga mbali. Antena ishushe iwe chini ya kimo cha waya wa kofia, au bora ihamie ukutani chini ya mwisho wa paa. Ikibaki juu, bomba lake liungwe na waya wa kofia, na gamba la waya wa antena liungwe na ardhi pale unapoingia ndani.

Baada ya hapo ndipo zinakuja sajiprotekta, kwa sababu nyaya zenye umeme huwezi kuziunga na ardhi moja kwa moja. Kifaa hiki hukaa kimya siku zote, na volti zikipanda hufungua njia kuelekea ardhini kwa muda mfupi mno, kisha hufunga. Nyumba yenye mtego wa radi inahitaji ya aina ya kwanza, iliyoandikwa `Type 1` au `Type 1+2`, yenye uwezo wa kupitisha mkondo wa radi, unaoandikwa `Iimp`, wa angalau `12.5 kA` kwa kila waya. Ile ya soketi inayouzwa pamoja na TV ni ndogo, inafaa tu ikiwa kubwa iko mbele yake. Nyaya zake, ukijumlisha upande wa umeme na upande wa ardhi, zisizidi nusu mita. Mafundi wengi huweka kifaa kizuri halafu wanakifungia waya wa mita mbili uliozungushwa vizuri ndani ya boksi, na mbele ya radi hiyo ni sawa na kutokiweka kabisa. Sola nayo inataka ya kwake, ya mkondo mnyoofu, iliyoandikwa `DC`. Kazi hii ya upande wa umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na azime kwenye swichi kuu akijua kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado una umeme.

Hapa utasikia mengi mengine, nami nitayapitia haraka. Kuzima swichi kuu wakati wa ngurumo hakutoshi, nafasi ndani ya swichi ni milimita chache na radi imetoka kuruka kilomita. Chomoa plagi na waya wa antena kabla haijafika, ukichelewa usiguse. Tairi juu ya paa, kitambaa juu ya kioo, nguo nyekundu: hakuna hata kimoja chenye uhusiano na radi. Kwamba haipigi mahali pamoja mara mbili si kweli, minara ya simu inapigwa tena na tena. Kuhusu radi ya kutumwa sitabishana na wazee, lakini nimekagua nyumba nyingi na kila niliyoikagua, radi ilifuata chuma. Na ukiuziwa fimbo yenye kichwa cha ajabu kwa ahadi kwamba inakinga mita 80 kuzunguka, jua kwamba IEC 62305 haihesabu kitu ila urefu halisi wa fimbo na mahali iliposimama.

Mfumo huu hauzuii radi kupiga, na hautamlinda mtu aliye nje. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, ingieni ndani, mkae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Humo ndani msiegemee kuta wala nondo, msifungue bomba wala kuoga.

Pesa ikiwa haitoshi kwa mara moja, usianze na fimbo. Anza na mtaro na pete, uunganishe ethi rodi ya LUKU na mnara wa tanki. Kisha nyaya nne za kona zilizofungwa kwenye bati. Kisha sajiprotekta. Waya wa kofia unaweza kuja wa mwisho, maana hata bila huo bati litapokea na sasa lina pa kumwagia, ingawa unakubali hatari ya tundu. Kufuata utaratibu wa fundi wako, fimbo kwanza na mengine baadaye, ni kuialika radi ndani ya nyumba ambayo haijajiandaa.

Mtaro ukiwa bado wazi, piga picha kila kiungo kabla hujafukia, maana baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka klampu iko wapi. Vipimo vifanyike mwezi wa nane, udongo ukiwa mkavu kabisa, siyo baada ya mvua ambapo kila ardhi inaonekana nzuri. Fungua kiungo kimoja kimoja cha bolti: kwa mita ya omu ndogo, kutoka kwenye bati hadi kwenye kiungo isizidi omu 0.2, na kutoka kiungo kimoja kupitia pete hadi kingine iwe vivyo hivyo. Ikipanda kwenye kona moja tu, kutu imeanza hapo, chimba hapo. Halafu nitumie namba ulizopata pamoja na picha za mtaro.